Grainda inatoa moto nyuma: jinsi ya kubadilisha kaboni mpaka cheche zitulie

Kijana anayechomelea mageti aliniletea grainda ya inchi nne na nusu. Baada ya kusalimiana akaniambia, "Fundi, nimeweka kaboni mpya jana, na cheche zimezidi zile za mwanzo. Sasa inatoa moto kabisa kwenye matundu ya nyuma." Nikaiwasha kwa sekunde mbili tu. Ilikuwa inaunguruma kwa kusitasita, na humo ndani niliona pete ya moto wa rangi ya machungwa. Nikaizima, nikachomoa plagi.

Naanza na grainda hii kwa sababu kaboni alizonunua hazikuwa mbovu. Zilikuwa mpya kweli, na hata saizi iliyoandikwa kwenye pakiti ilikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa dogo sana, nalo nakutana nalo mara nyingi kuliko kosa jingine lolote kwenye kazi hii. Nitalieleza tukifika mahali pake.

Kaboni inafanya nini humo ndani

Mota ya grainda au drili ya umeme wa ukutani ina sehemu mbili. Iliyotulia ni koili za fildi, na inayozunguka ni amecha. Umeme hauwezi kuingia kwenye kitu kinachozunguka kwa waya wa kawaida, kwa hiyo nyuma ya amecha kuna silinda ndogo ya shaba iliyokatwa vipande vipande, ambayo tunaiita komyuteta. Kaboni mbili zinaigusa kutoka pande mbili, kila moja ikisukumwa na springi. Grainda ndogo ikiwa haina mzigo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, kaboni ikiachia shaba hata kwa upana wa unywele, umeme unaruka ule mwanya, na huo mruko ndio cheche unayoiona.

Kaboni inalika kadiri inavyosugua, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, ilike yenyewe ili shaba ipone. Ikifupika, springi inazidi kulegea na nguvu ya kuisukuma inapungua. Hapo ndipo cheche zinapoongezeka na mashine inaishiwa nguvu. Ukiigusisha chuma inasimama, na pengine haiwaki mpaka uitikise au uigonge. Ukiona mashine yako inahitaji kugongwa ili iwake, jambo la kwanza la kukagua ni kaboni.

Baadhi ya kaboni zina kijiti kidogo cha plastiki chenye springi yake ndani ya kaboni yenyewe. Kaboni ikifika kikomo, kijiti hicho kinajitokeza na kuiinua kutoka kwenye shaba, na mashine inazima ghafla bila dalili yoyote. Wengi hudhani mota imeungua wakaitupa, kumbe imejizima ili shaba isiharibike.

Cheche chache za bluu zinazobaki chini ya ukingo wa kaboni ni za kawaida. Za kuogopa ni zile ndefu, za njano au za machungwa, zinazofuata mzunguko wa shaba mpaka zinafanya pete.

Kufungua

Chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kisha toa diski na nati yake, hata kama unajua utaigusa nyuma tu, kwa sababu baadaye utaiwasha bila mzigo na hutaki kitu kilicholegea kiruke.

Tazama mashine yako ilivyotengenezwa. Kuna aina yenye vifuniko viwili vya duara vya plastiki ubavuni, kila kimoja na mfereji wa bisibisi bapa. Hii ni rahisi kuliko zote. Kifungue taratibu huku ukikiziba kwa kidole, maana springi iko nyuma yake na inaweza kukirusha. Aina ya pili, ambayo utaikuta kwenye grainda nyingi ndogo, ina kifuniko chote cha nyuma kinachoshikwa na skrubu moja au mbili. Ukikivuta kuelekea kwenye waya, kaboni zinaonekana, kila moja ikibanwa na springi iliyojikunja kama ya saa. Ya tatu ni drili ambazo bodi yake imegawanyika mara mbili kwa urefu. Hizo zote inabidi uzilaze juu ya meza, utoe skrubu zote, kisha uinue nusu ya juu tu. Kabla hujagusa waya wowote, piga picha kwa simu. Kwenye drili, waya wa swichi na wa kugeuza mzunguko hupita kwenye mifereji maalumu, na ukiusahau utaubana wakati wa kufunga.

Unapotoa kaboni ya springi ya saa, inua springi kwa ndoano ndogo ya waya au bisibisi nyembamba, uiegemeze pembeni, ndipo uvute kaboni kwa mkia wake wa waya. Usiivute kwa koleo ukiwa umeishika katikati, kwani ni laini na itavunjika. Weka alama kaboni ya kulia na ya kushoto, na upande uliokuwa juu. Kama utagundua bado ni ndefu na zitarudi, lazima kila moja irudi nyumba yake na kwa mwelekeo uleule, kwa sababu uso wake umeshachukua umbo la shaba.

Kuisoma kaboni iliyotoka

Watu wengi hupima urefu tu. Nyingi zina mstari au alama ya kikomo ubavuni. Kama haina, mimi nabadilisha ikibaki kama milimita 5 au 6 za kaboni yenyewe, bila kuhesabu waya. Lakini uso wake una habari zaidi ya urefu.

Uso unaong'aa kama kioo cheusi, ukiwa na mkunjo unaofuata mviringo wa shaba, unaonyesha kaboni iliyofanya kazi vizuri na imemaliza muda wake. Uso wenye vishimo, wenye kingo zilizomomonyoka kama zilizoungua, ni wa kaboni iliyokuwa inaruka na haikukaa imara. Na moja ikiwa fupi au imeungua sana kuliko mwenzake, tatizo liko upande huo. Ama springi yake imechoka kwa joto, ama kaboni inakwama ndani ya nyumba yake.

Kaboni za yule kijana nilizitoa nikazilaza juu ya kitambaa cheupe. Zilikuwa na siku moja tu ya kazi. Moja ilikuwa imeanza kung'aa kwenye nusu ya uso. Nyingine haikuwa na mng'ao hata kidogo, ilikuwa imejaa vishimo, na mkia wake wa waya ulikuwa umebadilika rangi kwa joto. Nikajaribu kuirudisha mahali pake kwa vidole. Iliingia kwa kusukumwa, na nilipoachia ilibaki palepale. Springi isingeweza kuisogeza.

Shaba kwanza, kaboni baadaye

Kabla hujafikiria kununua, mulika komyuteta kwa tochi na uizungushe kwa mkono kwa kuushika mhimili wa mbele. Rangi nzuri ni ya kahawia, kama chokoleti, na iwe sawa kuzunguka yote. Hiyo ni ngozi nyembamba inayotokana na kaboni, na inasaidia. Usiisugue ili tu uone shaba nyekundu.

Ukikuta masizi meusi mahali pengi bila mpangilio, ni uchafu. Tumia kitambaa kikavu, au msasa laini namba 400 hadi 600 wa aina ya kawaida, ukiugusisha kidogo huku unazungusha amecha kwa mkono. Usitumie kile kitambaa cheusi cha kusugulia chuma. Chembe zake hukwama kwenye shaba na kati ya vipande, na zinaendelea kuila kaboni mpya kutwa nzima.

Ukikuta vipande viwili au vitatu vimeungua peke yake, vingine ni vizima, hapo pana habari mbaya. Koili inayoungana na vipande hivyo ama imekatika ama imegusana ndani. Kaboni mpya haitaiponya. Nitarudi kwenye hili.

Kati ya kipande na kipande kuna maika, ambayo ni kihami. Inatakiwa iwe chini kidogo ya usawa wa shaba. Shaba ikilika sana, maika hubaki juu na kuipiga kaboni kila mzunguko, ikiifanya iruke. Unaweza kuihisi kwa kupitisha ukucha. Ukiwa na subira unaichimba chini kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa chembamba, kiasi cha nusu milimita, kisha unatoa vumbi la shaba lililobaki mferejini kwa kijiti cha meno. Kazi hii inataka amecha itolewe nje, na hapo kuna sharti moja: toa kaboni kabla ya kuvuta amecha, na uirudishe amecha kabla ya kaboni. Ukisahau, komyuteta itazikata kaboni kama kisu.

Mwisho wa hatua hii ni kupuliza. Vumbi la kaboni linapitisha umeme, na likijaa kwenye plastiki inayobeba nyumba za kaboni, umeme unatafuta njia juu ya vumbi hilo. Tumia kompresa au pampu, nje ya chumba, ukiwa na miwani na kitambaa puani. Mafundi wa mageti mashine zao zimejaa vumbi la chuma pia, ambalo ni baya zaidi.

Kununua: saizi, na kaboni isiyo ya hapa

Nenda dukani na kaboni ya zamani mkononi. Kaboni nyingi zimepigwa namba ubavuni, na ukiipata hiyo namba umemaliza. Kama imefutika, pima kwa venia vipimo vitatu: unene, upana na urefu. Unene na upana lazima vilingane na nyumba. Urefu ukipungua milimita moja au mbili hakuna shida, utaibadilisha mapema tu. Ukizidi, springi itabanwa kupita kiasi. Angalia pia kichwa cha waya, kama ni cha kuchomeka, cha skrubu, au ni kifuniko kidogo cha shaba kinachokaa mwisho wa springi. Nunua jozi. Kaboni moja mpya na nyingine ya zamani zinasukumwa kwa nguvu tofauti, na ile iliyolegea ndiyo itakayopiga cheche.

Sasa niseme jambo ambalo linaharibu amecha nyingi mtaani. Usichonge kaboni ya stata ya gari ukaiweka kwenye grainda. Ni kweli kwamba zinachongeka kwa urahisi na mashine itawaka. Lakini kaboni ya stata imechanganywa na shaba, na utaiona ina wekundu, kwa sababu ilitengenezwa kupitisha umeme mwingi sana wa volti 12. Kila kaboni inapopita juu ya vipande viwili kwa wakati mmoja, inaiunganisha koili iliyo kati yao kama waya. Kaboni ya grainda, ambayo ni nyeusi kabisa au ya kijivu, ina ukinzani wa kutosha kuzuia umeme usizunguke humo. Yenye shaba haizuii. Matokeo yake ni cheche kubwa na vipande vinavyoungua mmoja baada ya mwingine, na kwa akiba ya kaboni moja umenunua amecha nzima.

Kuweka, na kosa la yule kijana

Kaboni lazima iteleze. Hiki ndicho kipimo changu: bila springi, iingize kwenye nyumba yake, kisha ugeuze mashine. Inatakiwa ishuke kwa uzito wake yenyewe, bila kutikiswa, na bila kucheza kulia na kushoto. Kijana alikuwa ameisukuma kwa bisibisi mpaka ikaingia, akaridhika kwamba imekaa imara. Nilipopima, pakiti ilisema unene wa milimita 5, lakini kaboni ile ilikuwa 5.15. Nyumba yake ilikuwa 5.1 tu, tena ikiwa na ukoko wa vumbi ndani.

Nilianza na nyumba. Nilikwangua ukoko kwa kijiti cha mbao, nikapitisha kitambaa chenye spiriti, nikaacha ikauke. Usikwangue kwa chuma chenye ncha, kwani ukiacha kovu ndani ya shaba ya nyumba, kaboni itakwama hapohapo. Kisha nikalaza msasa namba 400 juu ya kioo, nikasugua ubavu wa kaboni kwa kuivuta upande mmoja kwa kidole kilicholala sawasawa, mara tano, nikapima, nikajaribu, nikarudia. Nilipofika 5.0 iliteleza vizuri. Usisugue pande zote mbili kwa pupa. Ukizidisha, kaboni itacheza ndani ya nyumba na kupiga shaba kwa pembe.

Baada ya hapo ni kufunga. Kama uso wa kaboni una mkunjo, hakikisha unalingana na mzunguko wa shaba. Ingiza kaboni, rudisha springi katikati ya mgongo wake, si pembeni, kisha chomeka kichwa cha waya. Mkia wa waya lazima uwe huru kushuka pamoja na kaboni kadiri inavyolika. Ukiubana chini ya springi au ukaugusisha ukuta, kaboni itaning'inia kwenye mkia wake siku ikifupika, na utarudi kwenye cheche zilezile ukijiuliza kwa nini kaboni bado ndefu. Bonyeza kila kaboni kwa kijiti na uachie. Inatakiwa irudi yenyewe mpaka iguse shaba.

Kabla hujafunga kifuniko, fanya kipimo kimoja kwa multimita. Plagi ikiwa nje ya soketi, weka multimita kwenye omu 200, gusa pini mbili za plagi, washa swichi ya mashine, kisha zungusha mhimili kwa mkono polepole. Utaona namba ndogo, omu chache, inayopandashuka kidogo. Ikiruka kuonyesha mkato kabisa kila ukifika mahali pamoja, kaboni haigusi shaba vizuri hapo. Kwenye drili yenye swichi ya kuongeza na kupunguza kasi kipimo hiki hakifanyi kazi, kwa sababu kifaa cha elektroniki ndani ya swichi hakifunguki bila umeme wenyewe. Huko pima kutoka kichwa cha waya wa kaboni moja hadi cha nyingine. Ukimaliza, zima swichi.

Kuzizoesha

Kaboni mpya inagusa shaba kwa sehemu ndogo tu ya uso wake. Ukiipeleka moja kwa moja kukata chuma, umeme wote unapita kwenye sehemu hiyo ndogo na kuichoma. Kwa hiyo funga kila kitu, angalia tena kwamba swichi imezimwa, chomeka plagi, na uiwashe bila diski kwa nusu dakika. Izime, iache ipoe kidogo. Rudia, kila mara ukiongeza muda, mpaka jumla ifike dakika 10 hadi 15. Drili yenye kasi ya kubadilika ianze na kasi ya katikati. Tazama kwenye matundu ya nyuma ukiwa na miwani. Mwanzoni cheche zitakuwa nyingi na sauti ya kukwaruza, kisha zitapungua mpaka zibaki za bluu chini ya kaboni. Siku ya kwanza ya kazi usiiegemee kwa uzito wako wote.

Grainda ya kijana ilichukua dakika kama kumi na mbili. Ile pete ya moto ilikatika mwanzoni kabisa, sekunde chache baada ya kuiwasha, maana kaboni sasa ilikuwa inasukumwa kweli. Kaboni iliyojaa vishimo niliiacha humo, kwa sababu vishimo vilikuwa juujuu na vilisawazishwa wakati wa kuzoea. Shaba ilikuwa na masizi tu, bila kipande kilichoungua peke yake. Kama angeendelea nayo wiki nzima, nisingesema hivyo.

Pete ya moto ikibaki

Ukishafanya yote haya na bado pete inazunguka, usinunue kaboni nyingine. Toa amecha. Gusa kipande na jirani yake kwa multimita, kuzunguka yote. Namba zitakuwa ndogo, na kinachotafutwa ni kufanana. Jozi moja ikisoma juu sana kuliko nyingine, koili imekatika. Multimita ya kawaida inaweza isione koili zilizogusana, kwa hiyo hapo amini macho na pua: vipande vilivyoungua, vanishi iliyobadilika kuwa nyeusi upande mmoja, harufu ya kuungua isiyoondoka. Kisha gusa kila kipande na mhimili wa chuma. Hapo pasionekane muunganiko wowote. Ukionekana, mashine hiyo isiwashwe tena, maana umeme umefika kwenye chuma unachokaribia kukigusa.

Tikisa pia mhimili juu na chini karibu na beringi ya nyuma. Beringi iliyolegea inaifanya shaba iyumbe, na hakuna kaboni inayoweza kufuata shaba inayoyumba kwa kasi ile. Beringi ni rahisi, ibadilishe kisha uwashe tena. Lakini kama ni amecha, uliza bei ya mpya na bei ya kusukwa upya kabla ya kukubali lolote. Kwa grainda ya inchi nne na nusu isiyo na jina, bei hizo mara nyingi hukaribia bei ya mashine. Kwa grainda kubwa ya inchi tisa au drili ya kutoboa zege, kuitengeneza kuna maana, na ukiitengeneza, siku hiyohiyo weka jozi mpya ya kaboni, kwa sababu zile za zamani zimechukua umbo la shaba iliyoharibika.

Yule kijana alirudi baada ya miezi kadhaa, safari hii na kaboni zilizofika kwenye mstari wa kikomo, nyuso zote mbili zikiwa zinang'aa sawasawa. Alikuwa amenunua jozi mpya njiani na kuja na kipande cha msasa mfukoni. Nilimpa venia akapima mwenyewe.